Pengo la Dola 12

Jumanne ya Januari 18, 2022, kampuni ya Microsoft ilitangaza kwamba itainunua Activision Blizzard, watengenezaji wa gemu maarufu ya Call of Duty, kwa dola 95 taslimu kwa kila hisa. Ijumaa iliyotangulia, siku ya mwisho ya soko kabla ya tangazo, hisa hiyo ilikuwa imefunga kwa dola 65.39. Mpango mzima ulikuwa na thamani ya dola bilioni 68.7, na Microsoft haikuwa na haja ya kupiga hodi benki yoyote. Fedha ilikuwa nazo.

Mtu akisoma habari hiyo harakaharaka atadhani kwamba hisa ya Activision iliruka moja kwa moja hadi 95. Haikufika huko. Jioni ya siku ile ilifunga kwa dola 82.31. Maana yake ni kwamba yeyote mwenye akaunti kwa dalali wa hisa aliweza kununua kwa dola 82 na ushei kitu ambacho moja ya kampuni tajiri kuliko zote duniani imeahidi, kwa mkataba uliotiwa saini, kukinunua kwa 95. Dola 12.69 zilikuwa zimelala hadharani, kila mtu anaziona, na soko zima likazipita.

Wapo watu ambao kazi yao ya kila siku ni kuzitazama dola za namna hiyo na kuamua kama ziokotwe au ziachwe. Kazi yao inaitwa abitraji ya miunganiko, nayo ni tawi la uwekezaji unaofuata matukio. Mwekezaji wa kawaida hujiuliza kama kampuni itakua na kupata faida miaka ijayo. Huyu wa matukio hujiuliza jambo finyu zaidi: tukio fulani lililotangazwa litatimia au halitatimia, na lini? Tukio lenyewe linaweza kuwa kampuni kununuliwa, kampuni kugawanywa vipande viwili, kampuni kufilisiwa na mali yake kugawiwa wadai, au kampuni kutangaza kwamba itazinunua hisa zake yenyewe. Hapa tubaki na ununuzi, kwa sababu ndipo hesabu inapoonekana wazi kuliko penginepo.

Tuanze na aliyeuza. Januari 18 kulikuwa na maelfu ya wenye hisa za Activision ambao asubuhi ile waliamka na kukuta mali yao imepanda kwa robo nzima. Walizinunua kwa sababu waliamini gemu za kampuni hiyo, au kwa sababu mfuko wao wa pensheni unashika hisa za kampuni kubwa zote. Sasa ghafla hisa yao haihusiani tena na gemu. Imegeuka kuwa ahadi ya dola 95 siku isiyojulikana, ikiwa mambo yatakwenda sawa. Wengi hawakutaka kuishika ahadi ya namna hiyo. Ni kama mkulima aliyekwisha kupeleka korosho zake ghalani na kupewa stakabadhi ya malipo ya baadaye: ada ya shule inamsubiri, kwa hiyo anaiuza stakabadhi kwa mfanyabiashara kwa bei iliyo pungufu, na kungoja kunabaki juu ya mfanyabiashara. Mkulima hakudanganywa. Amelipa ili asingoje na asiwe na wasiwasi kwamba ghala litaungua.

Kwa hiyo pengo lina vitu viwili ndani yake. Kimoja ni malipo ya kungoja, na hicho kinafuata riba. Kama hati fungani ya serikali inalipa asilimia 5 kwa mwaka, hakuna atakayefunga fedha yake mwaka mzima katika ahadi ya kampuni kwa asilimia 3. Kitu cha pili ni malipo ya shaka, yaani uwezekano kwamba ununuzi utavunjika na hisa irudi ilikotoka. Katika ununuzi usio na vikwazo, wa kampuni ndogo inayonunuliwa na jirani asiyeshindana nayo, pengo huwa dogo sana, asilimia 1 au 2, na karibu lote ni malipo ya kungoja. La Activision lilikuwa zaidi ya asilimia 15 ya bei ya sokoni. Soko lilikuwa linasema kitu.

Lilikuwa linasema nini hasa? Hesabu yake ni fupi, na inafaa kuifanya kwa mkono. Tuchukulie kwamba mpango ukitimia unapata 95, na ukivunjika hisa inarudi karibu 65. Umbali kati ya hizo mbili ni dola 30. Bei ya sokoni ya 82.31 iko dola 17.31 juu ya bei ya kuangukia. Gawa 17.31 kwa 30, unapata karibu 0.58. Kwa lugha ya kawaida, tukiacha riba pembeni, soko lilikuwa linaupa mpango ule nafasi 58 katika 100 za kutimia. Hilo ni shaka kubwa kwa mkataba uliotiwa saini na mnunuzi mwenye fedha taslimu.

Shaka hiyo haikutokana na wenye hisa. Aprili 28, 2022 walipiga kura, na zaidi ya asilimia 98 ya kura zilikubali. Haikutokana na fedha pia. Ilitokana na serikali. Microsoft inatengeneza mashine ya kuchezea gemu, Xbox, na mshindani wake mkubwa ni Sony yenye PlayStation. Activision ilikuwa inauza Call of Duty kwa wachezaji wa pande zote mbili. Je, Microsoft ikishaimiliki, itaendelea kuwauzia wa PlayStation? Swali hilo lilitosha kuziamsha mamlaka za ushindani za Washington, London na Brussels, na mamlaka yoyote kati ya hizo ingeweza kuusimamisha mpango.

Hapo ndipo kazi ya mtu wa abitraji inapoanza kufanana na ya wakili kuliko ya mfanyabiashara. Kitu cha kwanza anachosoma ni mkataba wa ununuzi wenyewe, ambao kwa sheria ya Marekani kampuni iliyo sokoni huuweka hadharani. Anatafuta vifungu vichache tu. Je, mnunuzi anaweza kujitoa akikosa mkopo? Kwa Microsoft hilo halikuwapo. Je, tarehe ya mwisho ni ipi, siku ambayo kila upande unakuwa huru kuondoka kama kazi haijaisha? Ilikuwa Julai 18, 2023, miezi 18 mbele, na urefu huo peke yake ulionyesha kwamba mawakili wa pande zote mbili walitarajia vita. Je, mnunuzi akishindwa kupata vibali anatozwa nini? Microsoft ilikuwa imekubali kulipa hadi dola bilioni 3. Faini kubwa namna hiyo humfanya mnunuzi apigane, nayo ikilipwa hubaki ndani ya kampuni iliyoachwa na kuiongezea thamani kidogo.

Warren Buffett, ambaye alifanya abitraji kwa miaka mingi kabla hajawa maarufu, aliwahi kuwaandikia wenye hisa wa kampuni yake ya Berkshire Hathaway, katika barua ya mwaka 1988, maswali anayojiuliza: tukio lina uwezekano gani wa kutokea, fedha itafungwa muda gani, kuna nafasi gani ya kitu kizuri zaidi kujitokeza, kwa mfano mnunuzi wa pili mwenye bei ya juu, na nini kitatokea ikiwa tukio halitokei. Mwaka 2022, akiwa na miaka 91, aliirudia kazi hiyo ya ujanani. Katika mkutano wa mwaka wa Berkshire wa Aprili 30 alieleza kwamba kampuni yake sasa inashika karibu asilimia 9.5 ya hisa zote za Activision, na kwamba sehemu kubwa aliinunua yeye baada ya tangazo, kwa ajili ya pengo tu. Hakujidai kujua Wizara ya Sheria au Umoja wa Ulaya watafanya nini. Alichojua, alisema, ni kwamba Microsoft ina fedha.

Kutoka hapo mambo yakachacha. Desemba 2022 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilifungua kesi kuupinga ununuzi. Kisha, Aprili 26, 2023, Mamlaka ya Ushindani na Masoko ya Uingereza ikaukataa kabisa. Sababu yake iliwashangaza wengi kwa kuwa haikuhusu PlayStation. Waingereza walijali soko changa la kucheza gemu kupitia mtandao, ambapo gemu inaendeshwa kwenye kompyuta za mbali na mchezaji anahitaji skrini tu. Waliona kwamba Microsoft ilikuwa tayari na nguvu kupita kiasi katika soko hilo. Siku hiyo hisa ya Activision ilianguka kwa zaidi ya asilimia 11, kutoka karibu dola 87 hadi karibu 77.

Itazame tena hiyo 77. Mamlaka yenye uwezo wa kuua mpango imesema hapana, na bado hisa haikurudi 65. Kwa nini?

Sehemu ya jibu ni kwamba wapo walioamini Microsoft itapata njia ya kuzunguka. Lakini sehemu kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba bei ya kuangukia ilikuwa imehama. Ile 65 ilikuwa bei ya Januari 2022, wakati Activision ilikuwa imechafuliwa na kashfa ya unyanyasaji wa wafanyakazi na gemu zake zilikuwa zimechelewa. Kufikia Aprili 2023 ilikuwa imetoa Call of Duty mpya iliyouzwa sana, ilikuwa njiani kutoa Diablo IV, na kama mpango ungevunjika ingeweza kuweka kibindoni mabilioni ya faini. Kampuni hiyo peke yake, bila Microsoft, pengine ilikuwa na thamani ya 70 na kitu.

Hili ndilo jambo ambalo wageni wa kazi hii hulikosea. Bei ya juu inajulikana hadi senti, imeandikwa katika mkataba. Bei ya kuangukia haijaandikwa popote, kila mtu anaikadiria mwenyewe, na hesabu yote inaning'inia juu yake. Rudia ile hesabu kwa bei ya 77. Ukisema sakafu ni 65, basi 12 gawa kwa 30, soko linatoa nafasi 40 katika 100. Ukisema sakafu ni 72, basi ni 5 gawa kwa 23, nafasi inashuka hadi karibu 22 katika 100. Bei ni moja, siku ni moja, na majibu mawili yametofautiana karibu mara mbili. Anayekuambia kwamba soko linatoa nafasi kadhaa kwa uhakika, muulize kwanza sakafu yake ameipata wapi.

Wakati mwingine sakafu huhamia chini, na huko ndiko fedha hupotea kweli. Mfano wake ni shirika la ndege la Spirit, ambalo JetBlue ilitaka kulinunua mwaka 2022 kwa dola 33.50 kwa hisa. Serikali ya Marekani ilishtaki. Kufikia Januari 2024, jaji alipokuwa anaandika hukumu, hisa ya Spirit ilikuwa inauzwa karibu dola 15, chini ya nusu ya ofa. Pengo la kiasi hicho humtia mtu tamaa: ukishinda, fedha yako inazidi mara mbili! Januari 16 jaji akauzuia ununuzi, na hisa ikapoteza karibu nusu ya bei yake siku hiyo hiyo. Shida ilikuwa kwamba tangu ofa itolewe, Spirit yenyewe ilikuwa imedhoofika, inapata hasara na inaandamwa na madeni. Hapakuwa na bei ya zamani ya kurudia. Novemba mwaka huo huo iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai, na wenye hisa wakaishia bila kitu. Pengo likiwa kubwa kuliko kawaida, dhana ya kwanza iwe kwamba kuna watu wamesoma faili ambalo wewe hujalisoma.

Turudi kwa Activision, maana haikuishia Aprili. Mwezi Mei Umoja wa Ulaya uliridhia, baada ya Microsoft kuahidi leseni za miaka 10 kwa kampuni zinazoonyesha gemu mtandaoni. Julai 11, 2023, jaji wa shirikisho huko San Francisco, Jacqueline Scott Corley, alikataa ombi la Tume ya Biashara la kuusimamisha ununuzi. Hisa ikapanda kwa takriban asilimia 10 hadi karibu dola 91 siku hiyo. Ila tarehe ya mwisho ya mkataba ilikuwa imebaki wiki moja, na Uingereza bado haijageuka. Activision ingeweza kuchukua dola bilioni 3 na kuondoka. Badala yake pande mbili zilisogeza tarehe hadi Oktoba 18, zikapandisha faini hadi bilioni 4.5 kama mpango ungevunjika baada ya katikati ya Septemba, na Activision ikaruhusiwa kuwalipa wenye hisa wake gawio la senti 99. Agosti, Microsoft ikaja na mpango uliorekebishwa: haki za kuonyesha gemu za Activision mtandaoni, nje ya nchi za Ulaya zilizokwisha kuridhia, zitauzwa kwa kampuni ya Kifaransa ya Ubisoft. Waingereza wakakubali. Oktoba 13, 2023 kibali cha mwisho kilitoka na ununuzi ukafungwa siku hiyo hiyo. Siku iliyotangulia pengo lilikuwa limebaki chini ya dola 1.

Sasa tuhesabu mapato ya mtu aliyenunua jioni ya siku ya kwanza kwa 82.31 akashika hadi mwisho. Alipata 95, gawio la senti 47 la mwaka 2022, na lile la senti 99 la mwaka 2023. Jumla 96.46. Faida ni dola 14.15, ambayo ni asilimia 17 ya alichoweka. Inapendeza, mpaka ukumbuke kwamba alingoja karibu miezi 21. Kwa mwaka, haifiki asilimia 10. Katika kipindi hicho hicho benki kuu ya Marekani ilipandisha riba kutoka karibu sifuri hadi zaidi ya asilimia 5, kwa hiyo mtu aliyeshika hati za serikali, akilala usingizi wake, alianza kuvuna nusu ya kiasi hicho bila kesi yoyote. Kama mpango ungefungwa ndani ya miezi 6, faida ya dola 12.69 ingekuwa sawa na asilimia 30 kwa mwaka. Dola ni zile zile. Kalenda ndiyo iliyozila.

Na Buffett? Berkshire iliuza sehemu kubwa ya hisa zake njiani. Kufikia mwisho wa Juni 2023, kabla ya hukumu ya San Francisco, ilikuwa imebaki na chini ya milioni 15, wakati mwishoni mwa 2022 ilikuwa na zaidi ya milioni 50. Jaji alipotoa uamuzi uliopandisha bei, mwana abitraji mashuhuri kuliko wote alikuwa ameshapunguza mzigo. Sioni aibu katika hilo. Uingereza ilipokataa, jibu la swali lake la kwanza lilikuwa limebadilika, na yeye akabadilika nalo.

Wanaofanya kazi hii kwa kudumu hawaweki fedha yote katika mpango mmoja, na sababu iko katika umbo la faida na hasara zake. Chukua mfano wa kubuni: ofa ni 50, bei ya sokoni ni 49, na kabla ya ofa hisa ilikuwa 38. Mpango ukitimia unapata 1. Ukivunjika unapoteza 11. Itakubidi upate sawa mara 11 ili kufidia kosa moja. Mtu anaweza kupita miaka miwili akishinda kila mwezi, akajiona bingwa, kisha asubuhi moja hukumu ya mahakama ichukue yote. Kwa hiyo mifuko mikubwa hugawa fedha katika mipango mingi kwa pamoja, na huweka kikomo: mpango wowote ukivunjika, usichukue zaidi ya asilimia fulani ndogo ya mfuko. Kikomo hupimwa kwa kiasi kitakachopotea, si kwa kiasi kilichowekwa.

Kuna aina nyingine ya ofa ambayo inataka mikono miwili. Mnunuzi halipi taslimu bali anatoa hisa zake mwenyewe, tuseme hisa 1 ya mnunuzi kwa kila hisa 2 za kampuni inayonunuliwa. Kama hisa ya mnunuzi ni dola 40, basi kila hisa ya anayenunuliwa inaahidiwa thamani ya 20, na huenda sokoni inauzwa 19. Tatizo ni kwamba ile 40 itapanda na kushuka kila siku hadi mpango ufungwe. Kwa hiyo mwana abitraji hununua hisa 2 za anayenunuliwa kwa 38, na papo hapo hukopa hisa 1 ya mnunuzi kutoka kwa dalali wake na kuiuza kwa 40. Siku ya kufunga, hisa zake 2 zinageuzwa kuwa hisa 1 ya mnunuzi, anairudisha aliyoikopa, na dola 2 zinabaki mfukoni, hata kama hisa ya mnunuzi imeshuka hadi 10 au imepanda hadi 100. Ubaya wake ni kwamba mpango ukivunjika anaumia pande zote mbili, kwa kuwa hisa ya anayenunuliwa huanguka, na mara nyingi ya mnunuzi hupanda kwa vile ameepuka gharama, naye bado ana deni la kuirudisha.

Kwa msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam mkono huo wa pili ni mgumu kuupata, maana biashara ya kukopa hisa na kuziuza bado ni changa au haipo kabisa. Mauzo ya kila siku ya hisa nyingi ni madogo pia, na ada za ununuzi kwa mwekezaji mdogo wa Nairobi hufika karibu asilimia 2. Pengo la asilimia 2 linaishia kwa dalali. Lakini ofa zenyewe zipo, na mwaka 2024 ilitokea moja iliyofundisha karibu kila kitu.

Julai 10, 2024, kampuni ya Amsons ya Tanzania ilitangaza nia ya kuinunua Bamburi Cement, iliyoorodheshwa Nairobi, kwa shilingi 65 za Kenya kwa hisa. Mwishoni mwa Agosti akatokea mnunuzi wa pili, Savannah Clinker, na ofa ya shilingi 70, ambayo baadaye aliipandisha hadi 76.55. Hapa lile swali la Buffett kuhusu kitu kizuri zaidi kujitokeza lilikuwa limejibiwa kwa sauti, na kulikuwa na sababu ya kutazamia bei ya sokoni iende juu ya 65.

Ila katika hati za ofa ya kwanza kulikuwa na jambo la kusoma kwa utulivu. Mwenye sehemu kubwa, kampuni ya Holcim ya Uswisi, kupitia kampuni zake tanzu alikuwa na asilimia 58.6 ya Bamburi, na alikuwa ametia saini ahadi isiyoweza kubatilishwa kwamba hisa hizo zitakwenda kwa Amsons. Mnunuzi wa pili angeweza kupandisha bei apendavyo; kupata udhibiti wa kampuni bila Holcim ilikuwa karibu haiwezekani. Aliyelinganisha 65 na 76.55 peke yake aliona zawadi ya shilingi 11.55. Aliyesoma ile ahadi aliona kwamba ofa ya juu ndiyo iliyokuwa dhaifu zaidi.

Mwanzoni mwa Desemba Savannah ilijiondoa. Ofa ya Amsons ilifungwa Desemba 5 ikiwa imekubaliwa na wenye zaidi ya asilimia 96 ya hisa, kiwango ambacho kwa sheria ya Kenya kinampa mnunuzi haki ya kuzichukua kwa lazima hata hisa za waliobaki. Waliolipwa walilipwa 65. Ile 76.55 hakuipata mtu yeyote, na aliyenunua sokoni juu ya 65 akiingojea alipata hasara ya tofauti yake pamoja na ada ya dalali.